Alizeti, mawese au karanga? Jinsi ya kuchagua mafuta ya kukaangia kwa kuangalia moshi na ladha

Mi nimekulia Kigoma kwenye mawese, nikaolewa Dodoma kwenye alizeti, na mafuta ya karanga nimeyajulia ukubwani kwa jirani yangu anayekamua mwenyewe, kwahiyo haya matatu yote yameshapita kwenye karai langu, la nyumbani na lile la maandazi na chipsi ninazouza. Watu wengi wanachagua mafuta ya kukaangia kwa jina la mmea tu, alizeti mazuri, mawese mabaya, basi imeisha. Lakini kwenye karai kinachoanza kuamua ni kama hayo mafuta yamesafishwa kiwandani au ni ghafi, kinachofuata ni utayarudia mara ngapi, na jina la mmea linakuja la tatu. Twende hatua kwa hatua utaona kwanini nasema hivo.

Hatua ya 1: jua ulichonacho kwenye chupa

Kila moja ya haya mafuta lina watoto wawili. Kuna yaliyosafishwa, yani kiwandani yameondolewa asidi, rangi na harufu, hayo yanakuwa meupe au njano hafifu na ukinusa husikii kitu. Na kuna ghafi, yaliyokamuliwa na mashine yakachujwa tu, kama yale ya alizeti yanayopangwa kwenye chupa barabarani ukipita Singida. Yanakuwa ya njano nzito kidogo, ukinusa unasikia mbegu kabisa, na ukiyaacha siku mbili tatu unakuta chini kuna tope jepesi.

Kwenye mawese tofauti inaonekana hata ukiwa mbali. Mawese mekundu ya Kigoma au ya Kongo ni ghafi, ule wekundu ni karotini, ndugu wa ile inayofanya karoti iwe vile. Halafu kuna mafuta ya kupikia ya madumu ya njano, yale wengine wanayaita tu mafuta ya kula. Mengi ya hayo ni mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia na Indonesia, yakatengwa ile sehemu yake nyepesi. Watu wanashtuka nikiwaambia hayo ni mawese, wanajua mawese ni mekundu tu. Geuza dumu usome maandishi madogo, tafuta neno "palm olein", au lipeleke Njombe au Arusha mwezi wa saba uone linavyoganda.

Hapo kwenye kuganda nikae kidogo, maana ndo watu wanabishana sana. Mtu ananunua alizeti anaweka kwenye friji yanaganda, anasema nimeibiwa, yamechanganywa. Inawezekana kweli, ila angalia yamegandaje. Alizeti ghafi yana nta kutoka kwenye ganda la mbegu, kwahiyo kwenye baridi yanafanya ukungu mwembamba, kama maji uliyotia tone la maziwa, na ukiinamisha chupa yanatembea. Yaliyotiwa mawese yanafanya punje kama uji wa semolina zinazokaa chini, na mawese yakiwa mengi chupa nzima inakuwa nzito hata kumimina shida. Usilaumu muuzaji kwa ukungu mwembamba. Na karanga nayo inaganda kwenye baridi kali, hiyo ni tabia yake tu.

Hatua ya 2: elewa moshi unatoka wapi, halafu pima mwenyewe

Mafuta kwenye karai hayachemki kama maji. Yale mapovu yanayopiga kelele ukitia kiazi ni maji ya kiazi yanatoka. Mafuta yenyewe yakizidi moto yanaanza kuvunjika, na vipande vidogo ndio vinaondoka kama moshi wa bluu hafifu unaochoma macho na koo. Ule mchomo unatokana na kitu kinaitwa akrolini, na chakula kilichokaangwa hapo kitakuwa na uchungu hata utie ndimu ngapi.

Vinavyowahi kuondoka ni asidi huru, yani vipande vya mafuta vilivyoshaachana na mwenzao. Mafuta ghafi yanazo nyingi, kiwandani zinaondolewa. Ndio maana ukichukua alizeti, mawese na karanga yaliyosafishwa vizuri, yote matatu yanaanza kufuka karibu sehemu moja, kwenye nyuzi 225 mpaka 235 za selsiasi. Tofauti zao hapo ni ndogo mno hata hazikusaidii kuchagua. Ila ukirudi kwenye ghafi mambo yanageuka, karanga ghafi inatajwa kwenye nyuzi 160 hivi, alizeti ghafi majedwali mengi yanaandika 107, na mawese ya kienyeji yanategemea kabisa matunda yalikaa siku ngapi kabla ya kuchemshwa. Mchikichi ukishavunwa asidi inaanza kupanda haraka, kwahiyo mawese ya matunda yaliyolala wiki nzima yatafuka mapema na ukiyaonja yanakwaruza koo.

Zile namba za ghafi usizishike kama sheria. Chupa mbili za Singida kutoka mashine mbili tofauti hazifuki pamoja, inategemea mbegu ilikuwa kavu kiasi gani, ilikaa ghalani muda gani, yamechujwaje. Ndio maana nasema pima.

Kupima ni hivi. Tia mafuta vijiko vinne vya chakula kwenye sufuria ndogo kavu, weka jiko la gesi moto mdogo, na nyuma ya sufuria simamisha kitu cheusi, hata trei, halafu taa au mwanga wa dirisha utoke pembeni. Moshi wa mwanzo ni mwembamba sana, ukiangalia kwenye ukuta mweupe huuoni. Kama una kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 250 au 300 weka ncha yake ndani ya mafuta isiguse chini ya sufuria, na tafadhali sio kile cha homa, kitapasuka. Ukiona uzi wa moshi unaotoka bila kukatika, soma namba, zima jiko hapohapo. Usisubiri zaidi. Kama huna kipimajoto tupa kipande cha kitunguu kabla moshi haujaanza, kikiwa kimeungua kingo ndani ya sekunde chache na moshi bado hujauona, hayo mafuta yanavumilia kukaangia. Ila moshi ukitoka wakati kitunguu kinatokota taratibu tu, hayo ni ya kuungia mboga.

Mfuniko wa sufuria uwe mkononi wakati wote wa hili zoezi. Mafuta yakishika moto zima jiko, funika, ondoka, usinyanyue sufuria na usitie maji kabisa. Maji yanazama chini yanageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Hili nalisema kwa uchungu, nimeshaona mkono wa binti wa kazi wa jirani ulivyokuwa.

Hatua ya 3: linganisha moshi na joto la chakula chako

Maandazi yanataka nyuzi 170 mpaka 180. Samaki mzima kama 175 hadi 180. Chipsi nzuri zinakaangwa mara mbili, mara ya kwanza 150 au 160 ziive ndani bila rangi, unazitoa zinapoa, mara ya pili 180 au 190 zishike ukavu. Hakuna chakula cha karai kinachohitaji 200. Kwahiyo mafuta yanayofuka kwenye 230 yana nafasi ya nyuzi 40 na zaidi juu ya kazi yako, na ghafi yanayofuka 160 hayana nafasi yoyote, utakuwa unakaanga ndani ya moshi.

Bila kipimajoto, kata mkate wa slesi kipande cha sentimita 2 na nusu kila upande, utupe. Kikiwa kahawia nzuri baada ya dakika 1 hivi, uko kwenye 180. Kikigeuka ndani ya sekunde 30 punguza moto. Mi kwa maandazi natumia donge dogo la unga, likizama likakaa chini bado, likizama kidogo na kupanda mara moja likijizungushia mapovu, tayari.

Na usijaze karai. Lita 1 ya mafuta ukitia kilo nzima ya viazi joto linaanguka sana, viazi vinachemka badala ya kukaangika na vinalegea, halafu watu wanalaumu mafuta. Gramu 150 kwa lita, rudia rudia. Inachosha lakini ndo chipsi zinavyokuwa chipsi.

Hatua ya 4: sasa chagua kwa ladha

Alizeti iliyosafishwa haina neno lake, inaacha chakula kiongee. Maandazi ya hiliki na nazi nayakaanga humo, kwasababu hiliki inasikika mpaka mwisho. Pia kitu kitakacholiwa kimepoa nakaangia alizeti, maana haigandi mdomoni. Ubaya wake, andazi likilala linakuwa na mafuta mafuta kwenye vidole, karatasi inalowa.

Alizeti ghafi ina ladha ya mbegu iliyokaangwa, tamu kweli kwenye mlenda, maharage na mayai ya moto mdogo, au ukimwagia kwenye mboga iliyoshaiva. Kwenye karai la maandazi hapana. Nilijaribu mwanzoni nilipofika Dodoma kwa kuwa tulikuwa na dumu zima la shamba, jiko lilijaa moshi kabla ya fungu la tatu, na maandazi yalikuwa na uchungu wa ganda kwa nyuma. Mama mkwe akaniambia mwanangu haya ni ya mboga, na alikuwa sahihi kabisa kabla hata sijajua habari za nyuzi.

Mawese yaliyosafishwa nayo hayana ladha kubwa, ila yana kitu chake kwenye mguso. Karibu nusu ya mawese ni mafuta magumu, sehemu nyepesi yake inapungua kidogo lakini bado ni mengi, na hayo chakula kikipoa yanarudi kuwa magumu juu ya ngozi yake. Kwahiyo chipsi na sambusa zinakuwa kavu mkononi, zinatoa sauti, hazilowi karatasi haraka. Kwa muuzaji hiyo ni faida. Ila ukiyalia kwenye baridi, asubuhi ya Mbeya kwa mfano, unabaki na utando kwenye midomo na kaakaani, watu wanasema andazi lina mshumaa. Na kama daktari amekwambia upunguze mafuta magumu, haya sio yako ya kila siku, alizeti yana kama sehemu 11 tu kwa 100.

Mawese mekundu sasa. Harufu yake mi naipenda sana, kuna kitu kama karoti na udongo na uchachu kidogo, na dagaa wa Tanganyika au migebuka isiyopita kwenye mawese kwangu mimi haijafika nyumbani. Ila yakaangie kwa kina kidogo, vijiko vitatu vinne kwenye kikaango, moto wa kati, mpaka yanang'aa na kabla hayajafuka. Ndizi mbivu humo ni tamu mno. Wapo wanaoyachemsha mpaka wekundu unapotea yabaki ya njano, sijui nani alianza lakini hata bibi zetu walifanya, na ukifanya jua kwamba unachofukuza ni ile karotini yenyewe pamoja na harufu, na moshi wake ni mzito, usifanye chumba kimefungwa. Kama ulitaka mafuta yasiyo na rangi nunua yaliyosafishwa tu.

Karanga iliyosafishwa ina utamu wa mbali, laini, kuku na samaki wanatoka wazuri sana humo. Ghafi inanukia karanga kabisa, kisamvu au mchicha uliokaangwa kidogo kwa hayo hauhitaji karanga za kusaga. Mambo mawili ya kuangalia. Karanga mbovu zina sumu ya ukungu, sumukuvu, na ingawa nyingi inabaki kwenye mashudu, kuna inayoingia kwenye mafuta ghafi, kusafisha kiwandani ndio kunaiondoa. Kwahiyo kama unakamua au unanunua kwa mkamuaji, mbegu zichambuliwe kwa mkono, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitoke zote. La pili ni mzio, kuna watu karanga inawafunga pumzi, na mafuta ghafi bado yana protini yake. Ukiuza chakula ulichokaangia karanga mwambie mteja kabla hajaweka mdomoni.

Hatua ya 5: kama unarudia mafuta, sahau namba ya moshi

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Wanaona alizeti inafuka 230 na mawese 230, wanasema basi ni sawasawa. Namba ya moshi ni ya mafuta mapya. Haikwambii mafuta yatadumu vipi kwenye moto siku ya tatu. Kinachoamua hapo ni hewa. Alizeti ya kawaida, kwenye kila gramu 100 kama 60 hivi ni aina inayoshikana na hewa upesi. Karanga ina karibu nusu ya hizo. Mawese kama 10. Kuna mbegu za alizeti zilizoboreshwa zenye oleiki nyingi, yani aina isiyoshikana na hewa upesi, hizo zinadumu zaidi, lakini chupa itakuwa imeandikwa "high oleic", kama haijaandika chukulia ni ya kawaida.

Mi nilijaribu hivi, kwa sababu ya biashara. Lita 1 ya kila moja, zote zilizosafishwa, karai moja kila mafuta, kila siku maandazi ya unga nusu kilo asubuhi na viazi kilo 1 jioni kwa mafungu, nachuja, nafunika, kesho naongeza kidogo kufidia yaliyonyweka. Siku ya kwanza hata mume wangu hakuweza kutofautisha chipsi za alizeti na za mawese zikiwa moto, za karanga alizijua kwa harufu. Siku ya tatu alizeti ikaanza povu dogo dogo jeupe linalokaa, haliachii, na ukingoni mwa karai pakawa na gundi ya kahawia ambayo steelwool ilihangaika nayo. Chipsi zikawa na harufu kama rangi ya mlango. Karanga ilivumilia mpaka siku ya nne, ikaanza kuwa nzito. Mawese siku ya tano yalikuwa meusi zaidi ya yote lakini yakitulia, povu hakuna, ladha bado ya viazi. Hilo la rangi lilinifundisha, weusi peke yake sio kipimo, punje za unga na sukari ya maandazi zinaungua na kutia rangi hata kwenye mafuta mazima.

Kwahiyo kwa nyumbani, unakaanga mara moja au mbili unaacha, alizeti au karanga. Kwa karai linalowaka kila siku, mawese yaliyosafishwa yanastahimili. Wapo wanaochanganya nusu alizeti nusu mawese, na inafanya kazi, kudumu kunakuwa katikati na utando mdomoni unapungua, mi siku za baridi nafanya hivo.

Yadumishe hivi: chumvi tia baada ya kutoa, sio kwenye karai. Viazi vifutwe maji. Unga wa ziada kwenye samaki ukung'utwe. Usitumie chombo cha shaba, na karai la chuma jipya lipakwe mafuta na kuunguzwa kwanza mpaka liwe jeusi, maana shaba na chuma kilicho wazi vinaharakisha kuharibika. Ukimaliza acha yapoe, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye chombo kilichofunikwa mbali na jua. Ya samaki yawe na chupa yake, hayarudi kwenye maandazi kamwe.

Hatua ya 6: lini uyamwage

Yakifuka ukiwa kwenye joto lako la kawaida la maandazi, yamekwisha, kwasababu kila ukikaangia maji ya chakula yanavunja mafuta na asidi huru zinarudi, yani yale yaliyoanza na 230 taratibu yanashuka kuelekea 180. Povu linalopanda na kukaa, yamekwisha. Yakiwa mazito yanadondoka kwenye kijiko kama asali, au yananuka rangi au samaki wakati hukukaanga samaki, yamekwisha. Kuongeza mapya juu hakuyafufui, yanaharibu na hayo mapya, hili nimelifanya miaka nikidhani nabana matumizi.

Usimwage kwenye sinki, yakipoa yanaganda kwenye bomba, hasa ya mawese. Mi nayamimina kwenye jivu la mkaa lililopoa kabisa, lisilo na kaa hata moja, nachanganya liwe tope, nafunga kwenye mfuko naweka na taka.